Kiendelezi Kinapokwama kwenye "Installing"

Mwanafunzi wa programu anafungua Visual Studio Code, anaweka kiendelezi cha lugha ya Go, kisha anaanza kusubiri. Neno Installing limeganda kwenye skrini, nusu saa inapita, hakuna kosa linaloonyeshwa wala dalili ya kumaliza. Wengi hapo huondoa kiendelezi na kukiweka upya, kisha hukwama palepale.

Sababu ni kwamba mambo mawili yanasakinishwa, si moja. Kiendelezi chenyewe ni kifurushi kidogo kinachopakuliwa haraka kutoka soko la Microsoft. Lakini kazi ya kuelewa msimbo wako, yaani kukamilisha majina, kuonyesha makosa na kukupeleka mahali kitendaji kilipoandikwa, hufanywa na programu nyingine inayoitwa seva ya lugha. Huendeshwa kando ya kihariri na kuzungumza nacho kwa utaratibu maalumu ambao Microsoft iliutangaza mwaka 2016. Ya Go inaitwa gopls, na ndiyo ambayo kwa kawaida hukwama.

Gopls hailetwi ikiwa tayari. Kiendelezi huiamuru Go iliyomo kwenye kompyuta yako ipakue msimbo wa gopls, kisha iujenge hapohapo uwe programu. Kwa hiyo, mtu anayesubiri anaweza kuwa anasubiri mtandao, au anasubiri prosesa yake mwenyewe. Kihariri hakimwambii ni kipi kati ya hivyo.

Njia ya kujua ni kuifanya kazi hiyo kwa mkono. Funga kihariri, fungua terminali, kisha andika:

```
go install -v golang.org/x/tools/gopls@latest
```

Terminali ikisema haiijui amri ya go, basi Go yenyewe haijasakinishwa, au folda yake haimo kwenye PATH. Anzia hapo. Amri ikikubaliwa, tazama kinachoandikwa. Mistari ya "go: downloading" huonyesha kuwa msimbo unapakuliwa. Baada yake hufuata majina ya vifurushi, moja baada ya jingine, na hayo ndiyo yanayojengwa. Majina yakiendelea kujitokeza, hata polepole, hakuna kilichokwama. Kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ndogo, hatua hii inaweza kuifanya mashine nzima iwe nzito. Ikiwa hivyo, kata amri kwa Ctrl+C, uirudie ukiongeza `-p=1` baada ya `install`, ili kazi ifanyike moja moja. Itachukua muda zaidi, lakini mashine itapumua.

Kama hakuna mstari wowote unaotokea, tuhuma inahamia kwenye mtandao. Go huomba vifurushi kwa seva ya Google iitwayo proxy.golang.org. Ijaribu moja kwa moja:

```
curl https://proxy.golang.org/golang.org/x/tools/gopls/@latest
```

Ukipata mstari mfupi wenye neno Version, njia iko wazi. Ukiona kimya, mtandao wa chuo au ofisi huenda unaizuia seva hiyo. Mpangilio wa kawaida wa Go ni `https://proxy.golang.org,direct`, na mtu anaweza kudhani kwamba njia ya kwanza ikifungwa, Go itakwenda yenyewe kwenye chanzo. Haifanyi hivyo. Mkato huo huiruhusu kuhamia njia ya pili pale tu seva inapojibu kwamba kifurushi hakipo. Seva isiyojibu kabisa humfanya msubiri aendelee kusubiri.

Dawa inategemea mtandao wako. Ikiwa ofisi inataka mawasiliano yote yapitie seva wakala yake, mwombe msimamizi anwani, uiweke kwenye HTTPS_PROXY kabla ya kurudia amri ya kusakinisha. Njia iliyo rahisi zaidi, pale inapowezekana, ni kuazima intaneti ya simu kwa kazi hii moja tu, kwa kuwa gopls ikishajengwa haihitaji kupakuliwa tena mpaka utakapotaka toleo jipya.

Amri ikimaliza bila kosa, gopls huwekwa kwenye folda `go/bin` ndani ya folda yako ya nyumbani, isipokuwa kama ulibadilisha mpangilio. Fungua kihariri upya, fungua faili lolote la Go ndani ya mradi, ubonyeze Ctrl+Shift+P na uchague `Go: Restart Language Server`. Ukiandika `fmt.` na orodha ya vitendaji ikajitokeza, seva inafanya kazi. Isipojitokeza, fungua dirisha la Output, uchague jina linaloanza na gopls, usome mistari ya mwisho.

Ukihitaji msaada wa mtu, mpelekee maandishi hayo ya terminali pamoja na jibu la `go version`. Na usikiondoe kiendelezi ili kukiweka upya: kilichokwama hakimo ndani yake.