Noti ya Kenya ya Shilingi Elfu Moja: Picha Hueleza Nini, na Mkono Hueleza Nini

Wasafiri wanaotoka Busia na Malaba kuja kufanya biashara Old Kampala hulipwa mara nyingi kwa fedha za Kenya, na siku hizi mnunuzi hutangulia kutuma picha ya noti kwa simu. Tuchukue mfano wa msafiri anayedai shilingi 20,000 za Kenya, naye akatumiwa picha ya noti moja kati ya ishirini.

Kwanza asome jina la benki kabla ya thamani. Maneno "shilingi elfu moja" yamo katika noti ya Kenya na ya Tanzania pia, lakini ya Kenya hununua zaidi ya shilingi elfu ishirini za Uganda, na ya Tanzania haifiki hata elfu mbili. Ya Kenya ni ya rangi ya kahawia. Ya Tanzania ni ya buluu.

Pili atazame upande wa mbele. Iwapo sura kubwa ya Mzee Jomo Kenyatta ndiyo iliyotawala noti, hiyo ni ya zamani, nayo ilikoma kuwa fedha halali baada ya tarehe 30 Septemba 2019. Noti mpya, iliyozinduliwa Juni 2019, ina jengo la mikutano la KICC lililoko Nairobi. Wengi huchanganya jambo hili: iliyofutwa ni ya elfu moja peke yake. Noti za zamani za 50, 100, 200 na 500 zenye sura hiyo hiyo zingali halali. Tena noti iliyofutwa si bandia. Aliye nayo hana kosa, ila hana fedha.

Hapo ndipo picha inapoishia. Noti bandia iliyochapwa vizuri hupendeza katika simu sawasawa na ya kweli, kwa hiyo zote ishirini zikaguliwe mkononi, mchana, kabla mzigo haujatolewa. Ukiipapasa, utasikia maandishi na tarakimu zimenyanyuka kidogo. Ukiiinua kwenye mwanga, kichwa cha simba hujitokeza ndani ya karatasi yenyewe. Kilichochorwa juu yake huonekana hata noti ikiwa imelala mezani. Ukiiinamisha, uzi wa usalama hubadili rangi. Uzi wa noti zilizotolewa tangu mwaka 2024 hautofautishi uhalali: zile za 2019 hutumika pamoja nazo. Namba mfululizo zikijirudia katika noti mbili, hapana haja ya kuendelea.

Ukigundua bandia baada ya kuipokea, usimpe mwingine ili kujikomboa, kwa maana kuipitisha ukiwa unajua ni kosa la jinai. Itie katika bahasha bila kuishikashika, andika saa, mahali na sura ya aliyekupa, uhifadhi ile picha na namba iliyoituma, kisha uvilete katika kituo cha polisi kilicho karibu.