Kukata Sura Moja Kutoka Picha ya Pamoja: Inapofaa na Isipofaa

Mara nyingi picha nzuri kuliko zote tulizonazo ni ile tuliyopigwa pamoja na wenzetu, arusini au kwenye mahafali. Fomu inapodai picha ndogo ya mraba, wengi wetu huikata sura yetu humo na kuituma. Kwa wasifu wa mtandaoni, njia hiyo kwa kawaida inatosha. Kwa fomu ya kitambulisho au ya viza, mara nyingi haitoshi, na mwombaji hulijua hilo picha inapokataliwa. Hesabu fupi inaweza kukuonyesha mapema.

Hesabu kabla ya kukata

Picha ya simu imeundwa kwa nukta ndogo ziitwazo pikseli. Tuchukue mfano wa picha yenye upana wa pikseli 4000, ambamo watu kumi wamesimama bega kwa bega toka ukingo hadi ukingo. Kila mmoja anapata upana wa pikseli 400 hivi, na kichwa chake, toka kidevu hadi utosi, kinachukua takriban pikseli 200.

Fomu ya mtandaoni ya viza ya Marekani hudai picha ya mraba isiyopungua pikseli 600 kwa 600, na kichwa kichukue kati ya asilimia 50 na 69 ya kimo chake. Maana yake ni kwamba kichwa kiwe na pikseli 300 au zaidi. Picha yetu ya arusi ina 200 tu, haifiki.

Hali huwa mbaya zaidi ikiwa picha ilikufikia kupitia programu ya ujumbe, kwa kuwa programu hizo hupunguza ukubwa wa picha. Upana ukishuka hadi pikseli 1600, kichwa hubaki na pikseli 80. Kwa hiyo, mwombe aliyeipiga akutumie faili halisi. Katika WhatsApp, aitume kwa kuchagua `Document`.

Kuikuza picha hakuleti suluhisho. Programu hujaza nafasi kwa kukisia rangi za pikseli za jirani. Fomu inaweza kuona vipimo vimetimia, lakini sura imefifia. Ivute picha kwenye kioo cha simu uangalie kope na mstari wa nywele: vikionekana kama ukungu au vimegawanyika visanduku-visanduku, picha haifai kwa utambulisho.

Pikseli zikitosha, bado kuna masharti mengine. Picha ya viza hiyo iwe imepigwa ndani ya miezi 6 iliyopita, mandhari ya nyuma iwe nyeupe, uso uelekee kamera, na miwani ivuliwe. Picha ya arusi ni nadra kuyatimiza yote. Hapo tunashauri upige picha mpya.

Namna ya kukata

Kwa picha ya wasifu, fungua sehemu ya kuhariri na uchague uwiano wa `1:1`. Usiilazimishe picha ndefu iwe mraba kwa kuibana au kuivuta, maana uso utapanuka na kupoteza umbo lake. Weka macho juu kidogo ya katikati, na uache nafasi juu ya kichwa. Programu nyingi huonyesha wasifu ndani ya duara, na duara hilo huondoa pembe za mraba, yaani zaidi kidogo ya moja ya tano ya eneo lake. Ukibana sana, utosi au kidevu kitaliwa. Kisha hifadhi kama nakala mpya, ili picha ya awali ibaki salama.

Aliyekuwa pembeni yako

Wapo waombaji wanaoiweka picha nzima ndani ya waraka wa Word na kuikata humo humo. Kinachoonekana ni sura moja, lakini sehemu zilizokatwa huweza kubaki zimefichwa ndani ya faili. Atakayeupokea waraka anaweza kuzirudisha kwa kubofya mara chache, na kumwona mtoto aliyesimama kando yako, ambaye mzazi wake hakuombwa ruhusa.

Kata picha kwenye simu kwanza, hifadhi nakala, kisha ingiza nakala hiyo kwenye waraka. Ikiwa umekwisha kukata ndani ya Word, bofya picha, fungua `Compress Pictures`, weka alama kwenye `Delete cropped areas of pictures`, kisha uhifadhi waraka. Ili kuhakikisha, ufungue tena na ubofye `Crop`: sehemu za pembeni zikijitokeza, bado zimo, na waraka huo usitumwe.