Dadu Haikumbuki

Mchezaji wa ludo anaijua adha hii: kete zake zote nne ziko ndani, na hakuna inayotoka mpaka apate sita. Anarusha, inakuja mbili. Zamu inayofuata, tano. Mara kumi zimepita na bado. Jirani anamliwaza: "Vumilia, sasa imekaribia." Je, ni kweli?

Tuanze na swali jingine. Kwa wastani, mtu hurusha dadu mara ngapi mpaka sita ije? Tuuite wastani huo W.

Mrusho wa kwanza hauepukiki, kwa hiyo hesabu inaanza na 1. Ikija sita, ambayo uwezekano wake ni 1/6, kazi imekwisha. Isipokuja, na uwezekano wake ni 5/6, mchezaji amerudi pale pale alipoanzia. Dadu haijui kwamba amekosa. Safari iliyobaki mbele yake ni sawa kabisa na ile aliyoianza, na wastani wake ni W ile ile. Basi:

W = 1 + (5/6) × W

Ondoa 5/6 ya W kila upande. Inabaki W/6 = 1, yaani W = 6. Kwa jumla, uwezekano wa kupata unachokitaka ukiwa p kila mara, wastani wa kungoja ni 1/p. Kwa sarafu, kungojea kichwa ni mirusho 2.

Ila huwezi kuondoa kitu kila upande kama hakina mwisho. Tujihakikishie. Mrusho wa kwanza hufanyika lazima. Wa pili hufanyika kwa uwezekano 5/6, wa tatu 25/36, na kuendelea. Ukijumlisha 1 + 5/6 + 25/36 na nyingine zote zinazozidi kupungua hivyo, unapata 6. W ina kikomo, na majibu yamekubaliana.

Hata hivyo, wastani wa 6 si ahadi. Uwezekano wa kukosa mara sita mfululizo ni 5/6 ikizidishwa kwa yenyewe mara sita, karibu theluthi moja. Wapo pia wanaobahatika mapema: uwezekano wa sita kuja ndani ya mirusho minne unazidi nusu kidogo. Wachache wanaongoja sana ndio wanaouvuta wastani juu.

Sasa turudi kwa jirani. Maneno yake yangekuwa kweli kama tungechomoa karatasi sita kutoka mfukoni, moja ikiwa na alama, bila kurudisha zilizotoka. Hapo kila kukosa kunapunguza karatasi, na wastani wa kungoja ni 3.5 tu. Ukikosa mara mbili, unashuka hadi 2.5. Mfuko unakumbuka. Lakini mwenye dadu, baada ya kukosa mara kumi, bado ana wastani wa mirusho 6 mbele yake, sawa na mtoto anayeishika dadu kwa mara ya kwanza.