Hatifungani inayorudi kwenye mia

Tarehe 29 Januari 2014, Wizara ya Fedha ya Marekani ilipiga mnada hatifungani za aina ambayo haikuwahi kuiuza kabla. Zilikuwa za dola bilioni 15, zinaiva baada ya miaka miwili, na riba yake haikupangwa moja kwa moja hadi mwisho. Kila wiki serikali hiyo huuza dhamana za muda mfupi za wiki 13, na riba inayopatikana kwenye mnada huo ndiyo inayokuwa msingi wa riba ya hatifungani hizi. Juu ya msingi huo huongezwa kiasi kidogo kisichobadilika. Katika mnada ule wa kwanza, nyongeza hiyo ilikuwa asilimia 0.045.

Miaka minane baadaye mpango huo ulipata mtihani. Kuanzia Machi 2022 hadi Julai 2023, Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Bei za hatifungani za riba isiyobadilika zikaporomoka. Benki ya Silikoni Vali iliuza hatifungani za takriban dola bilioni 21 na kupata hasara ya dola bilioni 1.8, wenye amana waliposikia, wakakimbilia fedha zao, na tarehe 10 Machi 2023 benki ikafungwa. Hatifungani za serikali zenye riba inayobadilika, kwa muda wote huo, zilibaki karibu sana na bei yake ya mia.

Kwa nini?

Tuchukue mfano rahisi. Hatifungani ya shilingi 100 inaiva baada ya miaka miwili. Kila baada ya miezi mitatu inalipa riba, na siku hiyohiyo riba ya miezi mitatu ijayo inapangwa upya kulingana na soko. Tuchukulie pia kwamba mkopaji anaaminika kabisa, kwa hiyo hakuna nyongeza yoyote.

Njia nzuri ya kuitafutia bei ni kuanzia mwisho na kurudi nyuma. Simama kwenye siku ya mwisho ya kupanga riba, miezi mitatu kabla ya kuiva. Ikiwa riba ya soko siku hiyo ni asilimia 8 kwa mwaka, robo mwaka ni asilimia 2. Mwenye hati atapokea 102 baada ya miezi mitatu. Kiasi hicho kina thamani gani leo? Mwekezaji yeyote anataka asilimia 2 kwa kipindi hicho, kwa hiyo 102 hugawanywa kwa 1.02, na jibu ni 100. Lau riba ya soko ingekuwa asilimia 12, malipo yangekuwa 103, yangegawanywa kwa 1.03, na jibu lingekuwa 100 vilevile. Riba inayoongeza malipo ndiyo hiyohiyo inayopunguza thamani yake ya leo, na mbili hizo zinafutana.

Sasa rudi nyuma miezi mitatu mingine. Mwenye hati anajua kwamba kwenye tarehe ijayo atapokea riba yake na kubaki na hati yenye thamani ya 100, bila kujali riba ya soko itakuwa ngapi siku hiyo. Hesabu ni ileile, na jibu ni 100 tena. Unaweza kurudi hivyo hatua kwa hatua hadi siku ya kwanza, hata kama hati ni ya miaka 20. Mnunuzi hahitaji kubashiri riba za miaka ijayo. Yuko sawa na mtu anayeweka amana benki kwa miezi mitatu, kisha kila inapoiva anaiweka tena kwa riba ya siku hiyo.

Mashaka yote, basi, yamebanwa ndani ya kipindi kimoja. Riba ikishapangwa imefungwa hadi tarehe ijayo, na hapo ndipo bei inapoweza kuteleza. Tuseme kesho yake asubuhi riba ya soko inaruka kutoka asilimia 8 hadi 10. Hati yetu bado italipa 2, kisha itarudi kwenye 100. Thamani yake ni 102 ikigawanywa kwa 1.025, yaani 99.51. Hasara haifiki hata nusu shilingi, na ni hiyohiyo iwe hati inaiva baada ya miaka miwili au ishirini.

Hatifungani ya riba isiyobadilika ya asilimia 8 haina bahati hiyo. Kwa mruko uleule, ile ya miaka miwili inashuka hadi 96.41, na ile ya miaka mitano hadi 92.21, kwa sababu mwenye nayo amefungwa kwenye riba ya zamani kwa kila malipo yaliyobaki.

Wafanyabiashara wa hatifungani hupima wepesi huu wa bei kuyumba kwa kipimo wanachokiita diuresheni, kinachohesabiwa kwa miaka. Ukizidisha diuresheni kwa badiliko la riba, unapata kwa kukadiria asilimia ambayo bei itapanda au kushuka. Hati yetu, mara tu baada ya riba kupangwa, ina diuresheni ya robo mwaka hivi: 0.25 mara asilimia 2 ni asilimia 0.5, karibu kabisa na hasara tuliyoiona. Wiki sita baadaye imebaki nusu ya hapo, na siku moja kabla ya tarehe ya kupanga upya iko karibu na sifuri. Zile za Marekani, ambazo msingi wake hubadilika kila wiki, zina diuresheni isiyozidi sana wiki moja.

Lakini kinachorekebishwa tarehe hiyo ni riba ya msingi tu. Nyongeza haiguswi.

Fikiria kampuni iliyouza hatifungani ya miaka mitano kwa riba ya msingi pamoja na nyongeza ya asilimia 1.5. Muda mfupi baadaye mauzo yake yanazorota, na wawekezaji wanaanza kudai nyongeza ya asilimia 3 ndipo wakubali kuikopesha. Msingi ukiwa asilimia 8, kila robo mwaka hati inalipa pungufu ya kinachodaiwa kwa shilingi 0.375, na pengo hilo litaendelea kwa malipo yote 20. Ukiyapunguza malipo hayo kwa riba mpya ya asilimia 11, bei ni 94.29. Tarehe ya kupanga riba itafika na kupita, na bei haitarudi kwenye 100. Kwa hatari ya mkopaji, hati hii inayumba kama ya miaka mitano.

Ukomo wa riba nao huleta shida ya namna hiyo. Mkataba ukisema riba isizidi asilimia 9 na soko likafika 12, hati imegeuka kuwa ya riba isiyobadilika, na diuresheni yake inarefuka ghafla wakati mbaya kuliko wote.

Kwa hiyo anayeuziwa hati kama hii ana jambo moja la kukagua kwanza: bei yake kwenye tarehe ya kupanga riba, bila kuhesabu riba iliyokwisha kujikusanya. Ikiwa ni 100 au karibu yake, nyongeza bado inatosha. Ikiwa ni 94, kupanda kwa riba za soko peke yake hakuwezi kuwa sababu, na muuzaji anapaswa kueleza kama soko limepoteza imani kwa mkopaji, au kuna ukomo kwenye mkataba ambao umeshaanza kubana.