Ree Iliyohesabiwa Mara Mbili

Umegawiwa karata tano kutoka pakiti ya karata 52 iliyochanganywa vizuri. Kuna uwezekano gani wa kupata angalau ree moja?

Wengi hujibu hivi: ree ziko nne, kwa hiyo nachagua moja kwa njia 4. Zimebaki karata 51, nami nachagua nne zozote kati yake kwa njia 249,900. Nikizidisha napata mafungu 999,600. Mafungu yote ya karata tano ni 2,598,960, basi uwezekano ni karibu asilimia 38.

Jibu hilo si sahihi, na ni gumu kulishuku kwa sababu halivuki asilimia 100 wala halionekani la ajabu. Ili kulikagua, shika fungu moja mahususi: ree ya shupaza, ree ya kopa, saba ya uru, tisa ya pau na tatu ya pau. Kisha jiulize, hesabu yangu inalifikia fungu hili kwa njia ngapi? Naweza kuanza na ree ya shupaza, ile ya kopa ikaja miongoni mwa zile nne zozote. Naweza pia kuanza na ya kopa, ya shupaza ikafuata. Karata ni zilezile tano, lakini zimehesabiwa mara mbili. Fungu lenye ree tatu limehesabiwa mara tatu, na lenye zote nne mara nne.

Njia salama ni kuhesabu kinyume chake. Mafungu yasiyo na ree hata moja hutoka katika karata 48, nayo ni 1,712,304. Ukiyatoa katika jumla yanabaki 886,656, yaani karibu asilimia 34.

Tofauti ya majibu mawili ni 112,944, na tunaweza kuona ilikotoka. Mafungu yenye ree mbili ni 103,776, kila moja limezidishwa mara moja. Yenye ree tatu ni 4,512, kila moja limezidi mara mbili, jumla 9,024. Yenye ree nne ni 48, kila moja limezidi mara tatu, jumla 144. Ukijumlisha ziada zote unapata 112,944 kamili.

Usikimbilie kugawanya kwa mbili. Kugawanya kunafaa pale tu ambapo kila fungu limerudiwa mara sawa, kama anayetafuta jozi mbili anapohesabu “saba na tisa” kisha “tisa na saba”. Hapa fungu lenye ree moja limehesabiwa mara moja tu, na kugawanya kungelipunguza bure. Kwa hiyo kagua mafungu mawili au matatu yasiyofanana. Yakitoa idadi tofauti za njia, acha hesabu hiyo na uanze upya kwa kinyume.