Tiketi Iko Wapi? Safari ya Msimbo Kutoka M-Pesa Hadi Langoni

Foleni ya kuingia uwanjani inasimama kwa sababu moja kati ya mbili. Ama mtu anapekua simu yake na tiketi aliyoilipia haionekani, ama tiketi inaonekana lakini jina lililoandikwa juu yake si la aliyeishika. Hali zote mbili huitwa matatizo ya simu. Ukweli ni kwamba simu mara nyingi haina kosa, kwa kuwa tiketi yenyewe haikai ndani yake. Tiketi ni kumbukumbu iliyoandikwa kwenye seva ya muuzaji: nambari ya kiti, msimbo, jina la mwenye tiketi, na alama inayoonyesha kama imeshatumika. Kilichomo kwenye simu ni nakala tu, na nakala hiyo hupita vituo kadhaa kabla ya kufika mkononi.

Tuchukue mfano wa mama wa Nakuru anayenunua tiketi nne za mechi itakayochezwa uwanja wa Kasarani, Nairobi: yake, za wanawe wawili, na ya shemeji yake. Analipa kwa M-Pesa kupitia programu ya muuzaji wa tiketi. Tumfuate kituo baada ya kituo.

Anapobonyeza kitufe cha kulipa, seva ya muuzaji inatuma ombi kwa mitambo ya M-Pesa. Jibu linarudi papo hapo likiwa na nambari ndefu iitwayo CheckoutRequestID. Jibu hilo halisemi kwamba pesa zimelipwa. Linasema tu kwamba ombi limepokelewa. Ndipo dirisha la PIN linapochomoza kwenye simu ya mama. Akishaweka PIN, mitambo ya M-Pesa inamtumia mama ujumbe wa uthibitisho, na kando yake inatuma taarifa ya pili kwa seva ya muuzaji. Taarifa hiyo ikiwa na ResultCode 0, malipo yamefaulu. Ikiwa na 1032, mnunuzi amesitisha mwenyewe.

Hizo ni taarifa mbili zinazopita njia mbili tofauti, na hapo ndipo tiketi nyingi hupotelea. Ujumbe unaweza kumfikia mama salama huku taarifa ya muuzaji ikigonga seva iliyoelemewa, kwa sababu maelfu ya watu wananunua kwa wakati mmoja. Pesa zimetoka, lakini kwa muuzaji oda bado imeandikwa kwamba inasubiri malipo, na oda inayosubiri haitoi tiketi. Mfumo uliojengwa vizuri haukai ukingoja. Baada ya muda mfupi huchukua ile CheckoutRequestID na kuiuliza M-Pesa muamala umefikia wapi. Mfumo ambao wajenzi wake waliruka hatua hiyo huiacha oda ikining'inia mpaka muda wake unaisha na viti vinarudishwa sokoni.

Dalili ya tatizo hili ni rahisi kuitambua: ujumbe wa M-Pesa upo, pesa zimekatwa, lakini ukurasa wa oda unasema inasubiri, au oda haipo kabisa. Kulipa tena wakati huo ni kujitia hasara, kwani taarifa ya kwanza ikifika baadaye utakuwa umelipa mara mbili. Kinachohitajika ni ule msimbo wa herufi na tarakimu kumi ulio mwanzoni mwa ujumbe wa M-Pesa. Mhudumu wa muuzaji akiutafuta kwenye orodha ya malipo yaliyoingia, ataweza kuyaunganisha na oda husika kwa mkono.

Tuseme malipo ya mama yamefika bila shida na tiketi nne zimetolewa. Zimetolewa kwa nani? Kwa akaunti. Siku ya kununua aliingia kwa barua pepe ya Google. Siku ya mechi, akiwa na simu mpya, anaingia kwa nambari ya simu. Kwa macho yake ni mtu yuleyule. Kwa mfumo ni akaunti mbili, na ya pili ni tupu. Anayetumia iPhone anaweza kukumbana na hali hii bila kujua. Akijiandikisha kwa akaunti ya Apple na kuchagua kuficha barua pepe yake, programu hupewa anwani ya bandia inayoishia na @privaterelay.appleid.com. Siku nyingine akiandika barua pepe yake halisi, mfumo hauna njia ya kujua kwamba ni yeye. Kwa hiyo tiketi isipoonekana, usianze kwa kufuta programu na kuipakua upya. Tafuta ujumbe wa uthibitisho wa oda, angalia umetumwa kwa anwani gani, kisha ingia kwa njia hiyohiyo.

Mama amezipata tiketi zake, na zote nne zina jina lake. Wengi hudhani jina hutoka kwenye usajili wa laini ya simu. Katika malipo ya kuchomoza dirisha la PIN, taarifa inayokwenda kwa muuzaji hubeba kiasi, msimbo wa muamala, tarehe na nambari ya simu, jina halimo. Jina lililo kwenye tiketi limetoka kwenye wasifu wa akaunti, na programu nyingi huliiga kwenye kila tiketi ya oda mpaka mnunuzi ajaze ya wengine. Kama wasifu ulijazwa na mwanawe miaka iliyopita, au simu ilijaza fomu yenyewe, jina hilo ndilo litakalochapwa.

Anaingia kwenye akaunti, anabadilisha majina matatu, anahifadhi. Kisha anafungua Apple Wallet na kukuta majina ni yaleyale ya zamani. Ili kuelewa sababu, inafaa kuifungua nakala yenyewe. Tiketi ya Apple Wallet ni faili la aina ya .pkpass, na ndani yake mna faili dogo linaloitwa pass.json. Kipande chake huwa hivi:

```json
"serialNumber": "T-0419",
"barcodes": [{
  "format": "PKBarcodeFormatQR",
  "message": "T-0419-9F3C",
  "messageEncoding": "iso-8859-1"
}],
"eventTicket": {
  "secondaryFields": [
    {"key": "jina", "label": "JINA", "value": "JINA LA MNUNUZI"}
  ]
}
```

Msimbo wa QR unatengenezwa kutokana na mstari wa message. Jina limekaa mahali pengine kabisa, kama maandishi ya kusomwa na binadamu. Hakuna kinachoyalazimisha mawili hayo yabadilike pamoja. Faili zima limefungwa kwa saini ya kidijitali ya muuzaji: alama ya kila faili la ndani imeorodheshwa, na orodha hiyo imesainiwa. Ukibadilisha hata herufi moja ya jina, saini haikubali tena na simu inalikataa faili. Ndiyo maana jina haliwezi kurekebishwa kwenye simu. Ni muuzaji tu anayeweza kutoa nakala mpya.

Nakala mpya nayo haiji yenyewe. Seva inaitumia simu kengele tupu isiyo na habari yoyote. Simu ikiisikia, inarudi kwa seva kuuliza ni tiketi zipi zimebadilika, kisha inazipakua. Kama simu haina intaneti, kama masasisho ya tiketi hiyo yamezimwa, au kama muuzaji hakuweka anwani ya seva ndani ya faili tangu mwanzo, jina la zamani litabaki. Kwanza linganisha simu na akaunti. Kama akaunti ina jina sahihi na Wallet ina la zamani, fungua maelezo ya tiketi na uvute ukurasa chini ili usasishwe. Ikishindikana, iondoe kwenye Wallet na uiongeze upya kutoka kwenye programu ya muuzaji. Kuiondoa hakufuti tiketi, kwa kuwa kumbukumbu iko kwenye seva. Hakikisha tu kwanza kwamba unaweza kuingia kwenye akaunti. Kama akaunti yenyewe ina jina lisilo sahihi, hakuna utakalofanya kwenye Wallet litakalosaidia.

Sasa tufike langoni. Skana inasoma msimbo wa QR na kuutafuta kwenye orodha. Mara nyingi hailiangalii jina hata kidogo. Anayeliangalia ni mlinzi, pale ambapo waandaaji wameamuru tiketi ilingane na kitambulisho. Majibu ya skana hayalingani uzito. Ikisema msimbo haupo, huenda skana inafanya kazi bila mtandao kwa orodha iliyopakuliwa asubuhi, na tiketi iliyonunuliwa mchana haijaingia humo. Hilo hutatuliwa kwa kuutafuta msimbo kwenye mfumo wenyewe. Ikisema msimbo umeshatumika, kuna mambo mawili ya kuangalia. Mama mwenye tiketi nne kwenye simu moja anaweza kusahau kuitelezesha ya kwanza kando, ikasomwa mara mbili. Namba za mfululizo za tiketi ndizo zitakazoonyesha. La pili ni zito zaidi: kuna mtu mwingine ameingia na picha ya msimbo huohuo. Skana haijui nani alilipa. Inamjua aliyetangulia.

Ni kwa ajili hiyo baadhi ya wauzaji wameacha misimbo isiyobadilika. Mfumo wa SafeTix ambao Ticketmaster iliuzindua mwaka 2019 hutoa msimbo unaobadilika kila sekunde 15. Mbinu ya aina hii hutegemea siri iliyohifadhiwa kwenye simu pamoja na saa: simu na mlango hupiga hesabu ileile kwa wakati mmoja, na majibu yakilingana mlango unafunguka. Picha ya skrini haifai kitu baada ya muda mfupi. Lakini gharama yake inamwangukia mwenye tiketi: lazima awe ameipakua siri hiyo mapema akiwa na mtandao, na saa ya simu yake iwe sahihi. Anayerekebisha saa kwa mkono aiache simu ijiwekee wakati yenyewe.

Kwa mama wa Nakuru, njia salama zaidi si kubadilisha majina tu. Ni kumtumia shemeji tiketi yake kwa kitufe cha kuhamisha kilicho ndani ya programu, kama kipo, maana katika mifumo mingi uhamisho hufuta msimbo wa zamani na kutoa mpya kwa jina la mpokeaji. Picha ya skrini inayotumwa kwa WhatsApp haibadilishi chochote kwenye kumbukumbu. Inazidisha nakala za msimbo uleule.

Waandaaji nao wana deni. Anayeuza tiketi kwa programu anapaswa kuulizia kila malipo yaliyoning'inia kabla ya kurudisha kiti sokoni, na aweke langoni meza yenye mtu anayeweza kutafuta oda kwa msimbo wa M-Pesa na kurekebisha jina papo hapo baada ya kuona kitambulisho. Mlinzi mwenye skana peke yake hana uwezo huo. Na wewe mnunuzi, fungua tiketi yako siku moja kabla, usome jina, uhesabu kama zimetimia, na uhifadhi ujumbe wa malipo mpaka mechi iishe. Kosa kwenye kumbukumbu hurekebishwa kwa dakika chache ukiwa nyumbani. Foleni ikishajaa nyuma yako, huwa umechelewa.