Feni Inazunguka, Skrini Nyeusi

Kompyuta yangu ya mezani inawaka, mbona skrini haionyeshi kitu?

Tazama kwanza waya wa skrini umechomekwa wapi nyuma ya kasha. Kama kuna kadi ya picha, uchomeke kwenye kadi hiyo, si kwenye tundu la ubao mama.

Bado nyeusi?

Zima, chomoa waya wa umeme, kisha toa vipande vya RAM kwenye ubao mama na uvirudishe mpaka vibano vijifunge. Prosesa huweka humo data inayofanyia kazi. RAM ikilegea, mashine haianzi.

Au diski imekufa?

Diski hutunza mafaili hata umeme ukizimwa. Ikifa, kwa kawaida skrini bado huwaka na kuandika kwamba mfumo endeshi haukupatikana. Kwa hiyo usikimbilie kununua diski mpya.